Unaombwa kwa Heshima Zote

Picha ziliingia kwenye simu ya Priska Jumatatu asubuhi, mbili, na zote mbili zilikuwa ovyo. Ya kwanza ilikuwa tangazo la mlangoni la taratibu za chumba cha hoteli, yale mambo ya usivute sigara na usifue nguo bafuni. Ya pili ilikuwa maelekezo ya moto. Hapo ndipo mwanga wa simu ulipopiga kwenye plastiki na kuacha duara jeupe katikati ya karatasi, na mistari mitatu ikapotelea humo. Mstari wa mwisho ulifichwa na kitasa. Aliyepiga picha hakuona tabu yoyote. Kwake mlango ni mlango, maandishi ni maandishi, na mtafsiri atajua mwenyewe kilichojificha.

Priska alimwandikia meneja wa hoteli kumwomba picha nyingine, iliyopigwa bila taa, mlango ukiwa umeelekea dirishani. Meneja akajibu kwa upole wake wa siku zote: "Dada Priska, kadiria tu hapo pasiposomeka. Wewe ni mtaalamu."

Hebu fikiria mtu anakwambia ukadirie watu wakimbilie wapi nyumba ikiwaka. Priska aliirudia ile meseji, akacheka peke yake, kisha akakasirika. Kwa kazi nyingine labda angepiga simu akayamaliza. Hii hakutaka kuikadiria hata neno, maana nyuma ya mlango mmojawapo wa ile hoteli angelala baba yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Filipo alikuwa anakuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kliniki ya kifua. Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu masika, akipanda kilima kidogo tu pumzi inamkatikia, na daktari wa Dodoma alitaka kumwona kwa wiki nzima. Priska na mumewe Denis walikuwa wamepanga chumba kimoja mtaa wa Nkuhungu. Kwa desturi ya kwao baba hawezi kulala chumba kimoja na binti yake na mkwewe, hata pazia liwe zito kiasi gani, na mzee mwenyewe angelala stendi kuliko kukubali aibu hiyo. Basi hoteli ilipotafuta mtu wa kutafsiri matangazo yake ya Kiingereza, kwa kuwa mkaguzi alishasema yawekwe na ya Kiswahili, Priska na meneja wakapatana: yeye atatafsiri, mzee atapata chumba kwa wiki. Kila mtu aliona amefaidika.

Kwa hiyo hakukadiria. Alichukua bodaboda mpaka mjini, akaenda kuusoma mlango wenyewe.

Ilikuwa hoteli ya ghorofa mbili, safi, yenye vigae vinavyong'aa na maua ya plastiki mapokezini. Meneja, Bartolomayo, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene wa makamo mwenye sauti ya chini, na hakuna mgeni aliyewahi kumsikia akisema hapana. Akikunyima kitu utaondoka ukimshukuru. Akampandisha ghorofa ya kwanza mpaka chumba namba tisa, ambacho ndicho mzee angelala.

Priska akausoma mlango. Ile karatasi ya moto ilikuwa imenakiliwa kutoka hoteli nyingine, pengine ya nchi nyingine kabisa. Ilikataza kutumia lifti, na hapo lifti haikuwepo. Iliwaambia wageni wakusanyike kwenye bustani ya upande wa mashariki, na upande wa mashariki palikuwa na ukuta wa jirani na tangi la maji. Mstari uliofichwa na kitasa ulikuwa namba ya kupiga kwa simu ya chumbani, na simu za vyumbani zilikuwa zimeondolewa zamani.

"Sasa kaka Bartolomayo," Priska akasema, "mimi nikitafsiri hiki nilichokiona hapa, nitakuwa nimewapeleka watu ukutani kwa Kiswahili sanifu."

Bartolomayo akacheka kwa adabu. "Ndiyo maana tukakuita."

Wakatembea pamoja. Priska alitaka kuona kila kitu anachokiandika. Mwisho wa korido palikuwa na mlango wa ngazi za nyuma, ngazi za zege za nje zinazoshukia kwenye maegesho ya magari. Ngazi za mbele zilishukia mapokezi, na nyuma ya kaunta ya mapokezi palikuwa na stoo. Stoo ilikuwa wazi. Ndani magodoro ya sponji ya akiba yalipangwa mpaka darini, na juu yake waya za umeme zilipita hivi hivi, zimefungwa kwa selotepu. Priska akamwonyesha. Bartolomayo akasema fundi anakuja, na Priska hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Maneno ndiyo yaliyoleta ubishi. Priska alisema taratibu za chumba ziombe na maelekezo ya moto yaamuru, na kwamba ziwe karatasi mbili, kila moja na mahali pake.

"Yaamuru vipi?" Bartolomayo akauliza.

"Toka. Acha mizigo. Usirudi."

Bartolomayo akakunja uso kana kwamba amekanyagwa. "Dada Priska, wageni wangu ni watumishi wa serikali. Ni wazee wa kanisa. Siwezi kumwambia mzee wa watu 'toka'. 'Toka' tunamwambia mbwa."

"Moto ukiwaka hakuna mzee."

"Mzee yupo siku zote," akajibu, na alimaanisha. Huyo alikuwa mtu aliyelelewa kusimama mkubwa anapoingia. Alikuwa na heshima ya kweli, si ya kuuzia vyumba tu, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwa sababu mtu mbaya ningejua pa kumweka.

Priska alimweleza polepole. Msomaji wa karatasi ya moto hasomi akiwa amekaa. Anasoma akiwa na hofu, moshi machoni, labda Kiswahili chenyewe si lugha aliyozaliwa nayo. Ukimwombaomba, atadhani ana nafasi ya kukataa au ya kusubiri. Neno fupi hapo ndiyo heshima yenyewe. Bartolomayo akatikisa kichwa, akasema amemwelewa, kisha akaongeza jambo moja wakiwa wanashuka.

"Ila hapo kwenye ufunguo, kwenye taratibu za chumba, weka kali. Watu wanaondoka na funguo zangu. Kila wiki nachongesha mpya."

"Nitaandika 'tafadhali acha ufunguo mapokezi'."

"Hapo usiweke tafadhali," Bartolomayo akasema.

Priska alirudi Nkuhungu akafanya kazi. Taratibu za chumba aliziandika kwa upole, hata ufunguo akauwekea tafadhali yake kwa ukaidi kidogo. Maneno ya karatasi ya moto aliyakata yakakatika:

MOTO. Ukiona moshi au ukisikia watu wakipiga kelele za moto, toka sasa hivi. Acha mizigo. Funga mlango, usitie ufunguo. Shuka kwa ngazi za nyuma, mwisho wa korido. Kaa kwenye maegesho. Usirudi ndani kwa sababu yoyote mpaka zimamoto waseme. Piga 114.

Chini yake akaweka sehemu ya pili, kwa herufi kubwa vilevile: Kama korido imejaa moshi, usitoke. Funga mlango, ziba chini kwa taulo la maji, nenda dirishani, piga 114, ita watu.

Akaisoma kwa sauti mbele ya Denis huku akimwambia akimbie kutoka kitandani mpaka uani kadiri anavyosikia. Denis alikimbia, wakacheka sana. Akaituma na ombi moja, kwamba kabla haijachapwa aione kama itakavyokaa mlangoni. Bartolomayo akajibu: "Bila shaka, dada yangu. Ubarikiwe."

Mzee Filipo akafika Alhamisi na basi la Mpwapwa, koti lake la kanisani mkononi na mfuko wa karanga za mjukuu ambaye bado hajazaliwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na kwa miaka mingi alikuwa msomaji wa masomo kanisani kwao. Kigogo ndicho alichokizungumza nyumbani na kwa ng'ombe. Kiswahili alikipata ukubwani, kitabuni, na kwa sababu hiyo alikiheshimu kupita wengi waliozaliwa nacho. Kitu kikishaandikwa, kwake kilikuwa kimesemwa na mtu mwenye haki ya kusema. Angesoma kibao cha usipige honi hospitalini kisha akamkemea dereva.

Priska alimpandisha namba tisa mwenyewe. Mlangoni palikuwa na alama nne za gundi tu. Karatasi za zamani zilikuwa zimebanduliwa na mpya zilikuwa bado kwa mchapaji. Generosa, dada wa usafi wa ghorofa ile, alisema zinaletwa kesho. Priska akamwonyesha baba yake ngazi za nyuma, akashuka naye mpaka maegesho na kupanda naye tena kwa kupumzika kila kipandio cha tatu. Akaondoka moyo wake umetulia.

Ijumaa jioni mzee akampigia simu. Kliniki ilikuwa imekwenda vizuri, dawa mpya zilimfungua kifua, chai ya hoteli ilikuwa nyepesi.

"Na maandishi yako nimeyaona mlangoni," akasema. "Nimeyasoma yote. Ni maandishi ya adabu sana, mwanangu. Umenifurahisha."

"Ya adabu, baba?"

"Sana."

"Hebu nisomee pale penye moto."

Mzee akavaa miwani, akakohoa kidogo kama afanyavyo kabla ya somo, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mgeni wetu mpendwa. Endapo itajitokeza hali ya dharura ya moto, unaombwa kwa heshima zote kuwa mtulivu na kuelekea nje kwa kutumia ngazi za nyuma, pindi utakapokuwa tayari. Inashauriwa kuacha mizigo. Inashauriwa pia kutorejea ndani kwa wakati huo. Tunasikitika kwa usumbufu utakaojitokeza."

"Halafu?"

"Halafu yanafuata mengine ya chumba. Sigara, taulo, ya kawaida tu."

"Kwenye karatasi hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Imepambwa na maua pembeni."

Priska hakuuliza hayo mengine. Nani angeuliza? Hasira zake zote zilikuwa kwenye yale maneno ya moto, na mambo ya taulo hayakumhusu. Alimwambia baba yake kwamba si yeye aliyeandika hivyo, kwamba akisikia moto asisubiri kuwa tayari. Mzee alisikiliza kwa utulivu. "Nimekuelewa," akasema. "Lakini wenye nyumba ndio wenye taratibu, Priska. Mimi hapa ni mgeni."

Akampigia Bartolomayo palepale. Meneja hakukana. Alieleza, kwa sauti ileile ya chini, kwamba mwenye hoteli ameyaona maneno ya Priska makavu, na kwamba mchapaji ameshauri karatasi moja badala ya mbili ili mlango upendeze, na yeye mwenyewe amekaa na kuyalainisha kidogo. Alidhani atafurahi.

"Uliniahidi nitaiona kabla."

"Nisamehe sana. Mkaguzi anakuja Jumatatu, tukaona tuwahi."

"Ibandue. Leo."

"Jumatatu, dada yangu. Akishapita mkaguzi tutakaa chini mimi na wewe. Nakuomba."

Priska alimwambia Denis kwamba kesho atakwenda mwenyewe na karatasi yake kuibandika namba tisa, wakipenda wasipende. Aliichapa usiku uleule, akaiweka juu ya meza.

Jumamosi, jua likiwa limeshapanda, Priska alikuwa anafunga viatu aende huko. Simu ikaita.

"Priska," baba yake akasema. "Kuna kelele huku chini. Wanasema moto. Na ninasikia harufu."

"Kwenye korido kuna moshi?"

"Nimechungulia. Hakuna. Ila harufu ipo. Nilikuwa namsubiri mhudumu aje."

"Baba, toka."

Tangu azaliwe Priska hakuwahi kumwambia baba yake neno lisilo na shikamoo mbele yake au tafadhali nyuma yake.

"Unazungumza na nani hivyo?" mzee akauliza, bila hasira, kwa mshangao tu.

"Na wewe. Toka sasa hivi. Acha kila kitu. Ngazi za nyuma, zile nilizokuonyesha. Toka, baba."

"Haya," akasema. "Haya, mwanangu, natoka."

Akasikia hatua zake. Akasikia mlango ukifungwa, kisha chuma kikizunguka ndani ya chuma, mara moja, mara mbili. Baadaye alikuja kuusikia mlio huo kila mahali, kwenye komeo la choo, kwenye geti la jirani. Lakini asubuhi ile ulimpita. Alisikiliza pumzi ya mzee ikishuka ngazi, ikipumzika, ikishuka tena. Kisha upepo ukaingia kwenye simu, na sauti za watu nje.

"Nimefika kwenye magari," mzee akasema. "Tupo wengi."

"Asante, baba. Kaa hapo hapo. Nakuja."

"Njoo polepole."

Simu ikakatika. Priska akakaa kwenye kizingiti akalia kwa dakika chache, kwa furaha, maana baba yake alikuwa nje. Akamwomba Mungu amsamehe kwa kumfokea mzazi. Kisha akatafuta bodaboda.

Yaliyofuata aliambiwa na Generosa, na Generosa aliyasimulia akiwa amekaa chini kwenye kokoto, kanga yake imejaa masizi.

Moto ulikuwa umeanzia stoo, kwenye zile waya juu ya magodoro. Sponji ikiungua haihitaji miali mikubwa. Hutoa moshi mweusi, mzito, na moshi huo ndio unaoua. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa mwanzoni, kwa hiyo moshi haukupanda juu haraka. Watu wote wa ghorofani walishuka kwa nyuma wakafika maegesho. Hakuna aliyeumia. Bartolomayo mwenyewe alikuwa anapita katikati yao akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Mzee Filipo alikuwa amesimama karibu na Generosa. Alikuwa anapumua vizuri. Wakasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, akamuuliza kwao ni wapi, akafurahi kusikia ni Buigiri. Kisha akaweka mkono mfukoni, akautoa, akautazama ufunguo wa namba tisa na kibao chake cha mti.

"Huu natakiwa niukabidhi," akasema.

Generosa alimwambia aache tu, babu, utakabidhi baadaye. Mzee akatikisa kichwa. "Pameandikwa ni lazima," akasema. "Hayo mengine wanaomba, wanashauri. Hili ni lazima. Nisije nikaonekana mtu wa kuondoka na vitu vya watu, na mwanangu ndiye aliyenileta hapa." Wakati huo mama mmoja alianza kulia akimtafuta mtoto wake, ambaye alikuwa nyuma ya gari tu, na Generosa akageuka kumsaidia. Alipogeuka tena mzee alikuwa ameshazunguka kona kuelekea mbele, koti lake la kanisani begani.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Moshi ndani ulikuwa bado uko juu, chini panaonekana. Kaunta ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Naamini aliona ni jambo dogo, la kuingia na kutoka. Kisha mlango wa stoo ukaachia.

Zimamoto walimkuta mbele ya kaunta. Alikuwa ameinama juu yake, mkono umenyooka kuelekea upande wa mhudumu, ambako hapakuwa na mtu. Priska alifika wakati wanampakia kwenye gari la wagonjwa. Alifariki alasiri hospitalini, bila kuzungumza. Kifua kizima labda kingehimili, daktari alisema. Muuguzi akampa Priska vitu vyake ndani ya mfuko wa nailoni: miwani, koti, simu, ufunguo.

Walimzika Mpwapwa. Bartolomayo alikuja msibani. Alikaa na wanaume kwenye mkeka siku zote mbili, alibeba maji, alishika jeneza. Jioni ya pili akamfuata Priska nyuma ya jiko, akasimama mbali kidogo, akasema alidhani anawaheshimu. Akalia kabisa, kwa sauti. Priska alimtazama, akatamani kumchukia, akashindwa, na kushindwa huko kulimuuma kuliko chuki.

Namba tisa haikuungua. Hata moshi haukuifikia. Priska alikwenda kuiona wiki mbili baadaye, akafunguliwa kwa ufunguo wa akiba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mlangoni, ile karatasi yenye maua ilikuwa safi kama ilivyotoka kwa mchapaji, na yeye akaisoma kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Mgeni mpendwa, unaombwa, inashauriwa, tunasikitika. Taulo zinaombwa zisitumike kusafishia viatu. Halafu chini kabisa, kwa wino mwekundu na herufi kubwa, maneno pekee kwenye karatasi nzima yasiyo na tafadhali: NI LAZIMA KUKABIDHI UFUNGUO MAPOKEZI KILA UNAPOTOKA. HAIRUHUSIWI KABISA KUTOKA NAO.

Mzee alikuwa amesoma sawasawa. Hakukosea hata neno moja. Palipoombwa aliona ombi, na palipoamriwa akatii. Priska aliketi kitandani, akajua kwamba hatapata kamwe mtu wa kumwambia kosa la baba yake lilikuwa nini.

Akaibandua karatasi. Akapiga picha mlango mtupu, bila taa, mlango ukiwa umeelekea dirishani. Kisha akatoa kwenye mkoba ile aliyoichapa usiku wa Ijumaa, akaandika chini yake kwa kalamu nene mstari mmoja zaidi, na kuibandika kwa gundi pembe zote nne. Alipotoka alikuta Bartolomayo amesimama kwenye korido, amesubiri muda wote bila kubisha. Akamruhusu kuisoma. Meneja alisoma midomo ikicheza, mpaka kwenye ule mstari wa kalamu: Ufunguo uache. Usiulete.

Alikuwa mwembamba kidogo kuliko zamani. "Tutaweka hivi vyumba vyote," akasema. "Kama ulivyoandika. Sitagusa."

Wakashuka kwa ngazi za mbele. Mapokezi palikuwa pamepakwa rangi upya, lakini harufu ya sponji ilikuwa bado ndani ya kuta. Kaunta ilikuwa mpya, ya mbao isiyopigwa vanishi. Priska akasimama mbele yake, akafungua mkoba, akatoa ufunguo wenye kibao cha mti, upande mmoja umeingia masizi, akauweka juu ya kaunta na kuusukuma taratibu upande wa pili.

"Namba tisa," akasema. "Baba alikuwa anakuletea."